Fundo la Pazia

Mama alikuwa ameshafika kwenye kona ya duka la vioo, mkoba begani, mguu mmoja kiatu cha ngozi na mwingine ndala ya bafuni, akitembea kama mtu anayejua anakokwenda na anayejua kwamba wanamngoja. Hakugeuka nyuma. Watu walimpisha. Mwanamke mzee akitembea hivyo, kichwa juu, nani atamuuliza?

Binti yake alimwona kutoka juu. Alikuwa paani anaanika mashuka, upepo unamsumbua, akasogeza shuka moja pembeni ili abane kibanio, jicho likaanguka barabarani. Akaona kilemba cha njano. Kwanza akajisemea moyoni, kumbe kuna mtu mwingine ana kilemba kama cha Mama. Halafu akaona ile ndala.

Beseni lilibaki paani na nguo zake. Ngazi alizishuka bila kuzigusa, kama maji yanavyoshuka.

Mtaa ule wote ulimwita Fundi, kwa sababu alikuwa akishona sare za shule na mapazia chumbani kwake, na cherehani yake ilisikika mpaka barabarani. Mama yake alikuwa na wakati wake mwingine kabisa. Ujana wake wote alikaa kwenye ubao wa simu wa posta, zile za kuchomeka waya, akiunganisha watu wa mji mzima. Sasa kumbukumbu zilikuwa zimemtoka moja moja, jina la mumewe, majina ya wajukuu, hata sura ya binti yake siku nyingine, lakini zamu ya kazini haikumtoka. Zamu ilibaki peke yake, kama kisiki shambani.

Fundi alipofika chini hakuwa na haja ya kukimbia mpaka kwenye kona. Kinyozi, ambaye kibanda chake kilitazama barabara chini ya nyumba ileile, alikuwa amemwahi. Alimwacha mteja kitini na povu usoni, wembe bado mkononi.

"Shikamoo, Mama. Safari ya wapi na jua hili?"

"Zamu yangu. Nikichelewa, mji mzima unakaa bubu."

"Basi pita kwangu, niwapigie simu niwaambie uko njiani."

Mama alimtazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Utapigaje? Mimi ndiye ninayekuunganisha."

"Hapo umenipata," Kinyozi akasema, akampa mkono. "Basi twende uniunganishe."

Fundi aliwakuta kibandani, Mama ameketi kwenye kiti kinachozunguka, na mteja wa watu amesimama kando, upande mmoja wa uso umenyolewa, upande wa pili ndevu.

"Na mimi je?" mteja akauliza. "Nirudi nyumbani nusu mchungaji, nusu jambazi?"

Fundi hakucheka. Alipiga magoti akamvua mama yake ile ndala, akaushika mguu uliojaa vumbi, akakaa nao hivyo mikononi.

"Dada," Kinyozi akasema kwa sauti ya chini, "si ulisema mlango ule haumtoi tena?"

"Haumtoi," Fundi akajibu. "Nilifunga kwa ufunguo. Ufunguo ninao hapa." Akaupapasa mfukoni. Ulikuwapo.

*

Ule mlango unahitaji kuelezwa, maana kila kitu kilianzia hapo.

Mwaka uliotangulia Mama alikuwa akitoka kila alipopata upenyo. Kufuli hazikusaidia kitu; alikuwa akisimama mlangoni anagonga na kulia mpaka viganja vinavimba, na kumsikia kulikuwa kubaya kuliko kumtafuta. Ndipo Fundi akapata wazo lake. Alinunua kitambaa cha rangi ileile ya ukuta, ile rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo, akashona pazia la kutoka darini mpaka sakafuni, upana wa ukuta mzima, akatia vyuma vidogo kwenye pindo ili lisipepee. Mlango ukamezwa. Mtu mwenye akili zake angejua kuna mlango nyuma. Mama hakujua. Siku ya kwanza aliutafuta, ya pili akautafuta kidogo, baada ya hapo akaketi kitini mwake karibu na dirisha na kuanza kuunganisha simu kwa vifungo vya nguo alivyopewa kwenye kopo. Alitulia. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa ule umwanze, alikuwa akiimba.

Sasa Fundi alimpandisha ngazi, Kinyozi nyuma yao, wakakuta mlango umerudishwa lakini haukufungwa. Ndani, pazia lilikuwa limekusanywa lote upande mmoja na kufungwa fundo kubwa katikati, kama mtu anavyofunga chandarua asubuhi. Mlango ulikuwa wazi machoni, mbao za kahawia, kitasa kinang'aa.

Fundi hakuwahi kulifunga pazia lile fundo hata siku moja.

Sakafuni kulikuwa na nyayo za vumbi la saruji, jozi mbili, kutoka mlangoni mpaka bafuni na kurudi. Kwenye ukuta wa bafu mtu alikuwa amepiga alama mbili za penseli, na katikati yake mshale.

"Hii si kazi ya mwizi," Kinyozi akasema. "Mwizi hapimi ukuta."

*

Mwenye nyumba aliishi chini, chumba cha nyuma, moja kwa moja chini ya chumba cha Fundi. Walimwita Mzee Funguo. Alikuwa mwashi kabla mgongo haujamkatalia, na nyumba ile ya ghorofa moja aliijenga kwa mikono yake, tofali juu ya tofali, na funguo za vyumba vyote alizivaa kiunoni kwenye pete moja nzito, hivi kwamba alisikika kabla hajaonekana. Alikuwa mtu mwema. Lazima lisemwe hilo. Bomba likipasuka alikuja mwenyewe, na mpangaji akifiwa alikuwa wa kwanza kubeba viti.

Fundi alimkuta akinywa chai.

"Mzee, umeingia chumbani kwangu leo?"

"Nimeingia, mwanangu," akajibu bila kusita. "Nilipita na dalali. Nimebisha hodi, kimya, nikafungua. Bibi alikuwa amelala, hatukumwamsha hata kidogo. Tumekanyaga kama paka."

"Na pazia?"

"Pazia zuri lile! Nikaona tutalichafua na hii saruji yetu, nikalifunga juu. Si kazi yako ile? Nisingeweza kuiharibu."

Alitabasamu, akingoja kushukuriwa.

"Mama ametoka, Mzee. Amefika duka la vioo."

Tabasamu likaisha. "Lakini amerudi?"

"Amerudi. Mkataba wetu unasemaje?"

"Mkataba?" Mzee akaweka kikombe chini. "Binti yangu, wewe na mimi ni watu wa mkataba? Wewe ni kama mwanangu wa kumzaa. Baba anaomba ruhusa kuingia kwa mwanawe?"

"Baba yangu alikuwa akiomba. Alikuwa akisimama nje mpaka nimwambie karibu."

"Nyumba hii nimeijenga mimi."

"Nyumba ni yako. Hakuna anayebisha. Lakini chumba umenipangisha, na nikishafunga mlango mimi ndiye ninayeishi humo. Tuliandika siku mbili kamili, kwa maandishi, sababu na saa. Isipokuwa moto, maji, au uhai wa mtu. Nilikuomba kifungu kile mwenyewe, siku ile ya kwanza, kwa ajili ya Mama. Ukasema, andika tu."

"Niliandika kukuridhisha," Mzee akasema.

Alilisema bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililomkata Fundi. Alitoka bila kuaga.

*

Jioni ile alilifungua fundo, akalinyoosha pazia kwa pasi, akalirudisha kama lilivyokuwa. Mama alikaa kitini, vifungo mapajani, akilitazama. Alitazama muda mrefu. Halafu akainuka, akaenda moja kwa moja ukutani, akaingiza mkono palepale pazia linapoachana, akashika kitasa.

Hakuwa amesahau. Ugonjwa uliomla majina ya watoto wake ulimwachia mlango.

Fundi alimrudisha kitini. Akainuka tena. Akamrudisha. Ilikuwa hivyo mpaka giza, na kesho yake ilikuwa vilevile, na ule wimbo wake haukusikika. Cherehani nayo ikanyamaza, kwa sababu mikono miwili haiwezi kushona na kumshika mtu.

Kaka yake alipiga simu. Yeye alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kupiga simu kutoka penye kelele. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Dada, tulikubaliana. Nilikuambia akitoka mara moja tu nyingine, anakwenda nyumba ya wazee. Kuna nafasi."

"Hakutoka. Alitolewa."

"Gari likimgonga, litauliza hilo?"

Fundi alimwondoa Mama mkono kwenye kitasa.

"Nampenda kama wewe," kaka akasema. "Lakini wewe huwezi kuzuia kila ufunguo wa mji huu. Nikirudi safari hii, kama mlango huo unaingiliwa ovyo, namchukua."

Basi ikawa hivyo. Kama Fundi asingeweza kuhakikisha kwamba mlango wake hautafunguliwa na mtu bila yeye kujua, mama yake angekwenda kufia kwa watu asiowajua, kwenye ukumbi wenye vitanda vya safu. Lori lilikuwa linarudi.

*

Ushauri ulikuja mwingi, kama kawaida. Kinyozi alisema abadilishe kitasa usiku huohuo, na kodi aikalie mpaka Mzee apate adabu. Fundi angefanya hivyo, alikuwa na hasira ya kutosha. Lakini kwanza alikwenda kwenye baraza la nyumba, ofisi ndogo juu ya ghala la magodoro, ambako mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi alikuwa akisuluhisha wapangaji na wenye nyumba. Watu walimwita Msuluhishi tu.

"Usibadilishe kitasa," Msuluhishi alimwambia. "Maji yakipasuka akashindwa kuingia, kosa linakuwa lako. Na kodi lipa siku yake, shika risiti. Ukiikalia, tutakuja hapa kuzungumza kodi yako, mlango utasahaulika. Umemwandikia?"

"Nimemwambia."

"Kumwambia ni vizuri. Sasa mwandikie. Ilikuwa siku gani, aliingia na nani, uliona nini, kifungu kipi, kumetokea nini, unataka nini. Usimtukane. Nakala mbili. Akikataa kusaini, shahidi asaini kwamba ameipokea. Mpe muda wa kujibu. Asipojibu, au akijibu upuuzi, njoo nimwite."

Fundi aliandika juu ya meza ya cherehani, mguu wake mmoja umeuzuia mlango. Aliandika yale aliyoambiwa, akafika mahali pa unataka nini, kalamu ikasimama. Alitaka Mama asahau kitasa. Hilo halikuwa mkononi mwa Mzee. Akaandika:

"Sikukatazi kuingia. Kukagua ni haki yako, na kuleta mtengenezaji au mnunuzi pia. Ninachoomba ni zile siku mbili kamili tulizokubaliana, kwa maandishi, zenye sababu na saa, na niwepo mwenyewe. Siku hizo nazihitaji kumwandaa mama yangu. Bila hizo, kila anayeingia anamfungulia njia ya kutoka."

Kinyozi alikuwa shahidi. Mzee Funguo aliisoma barua akiwa ameisogeza mbali na macho, akaikunja, hakusaini.

"Umeniandikia barua," akasema. "Tunaishi ngazi moja, unaniandikia barua."

Hakujibu. Badala yake dalali, kijana wa viatu vilivyochongoka, alituma ujumbe wa simu jioni moja: Kesho asubuhi tunakuja na mteja, kaa tayari. Fundi akajibu kwamba kesho si siku mbili, kwamba siku ya kupokea taarifa haihesabiwi, na kwamba baada ya hizo mbili saa yoyote ya mchana wanakaribishwa. Dalali akarudisha: Acha ujuaji, Fundi. Asubuhi wakaja. Fundi alisimama ndani, komeo limeingia, akasema kupitia ubao wa mlango:

"Karibuni keshokutwa kutwa yake. Leo hapana."

"Mteja anaondoka leo!" dalali akapaza sauti.

"Basi mngeniandikia siku tatu nyuma."

Nyuma yake Mama alicheka. Alisikia watu wanagombana bila kuonana, akadhani yuko kazini. "Laini ina shughuli," akatangaza. "Jaribu baadaye."

Nje, Mzee Funguo alizishika funguo zake zisilie. Ufunguo alikuwa nao, lakini komeo halina ufunguo. Wakashuka.

*

Fundi alirudi kwa Msuluhishi, naye akawaita wote watatu. Dalali alizungumza kwanza, kwa kuwa hakuna aliyemzuia. Alisema siku waliyoingia ilikuwa dharura, bafu lilikuwa linavuja, na dharura haingoji barua.

"Mlifunga maji?" Msuluhishi akauliza.

"Eh?"

"Bafu likivuja, mtu anafunga koki kwanza. Mlifunga?"

Dalali akamtazama Mzee. Mzee alikuwa anatazama mikono yake.

"Hakukuwa na maji," Mzee akasema. "Mteja alitaka kujua ukuta ule kama unaweza kubomolewa. Tukaupima. Mimi siongopi kwa ajili ya ukuta."

Chini, watu wa ghala walikuwa wanapakia magodoro, yanadunda.

"Nauza nyumba," Mzee akaendelea, sasa akimwambia Fundi peke yake. "Mgongo umekwisha. Binti yangu ameniita nikakae kwake. Nilikuwa nataka kuiaga, kwa kweli. Kila chumba ninachoingia, naona mahali nilipoanguka na ndoo, mahali marehemu mke wangu alipokuwa akiniletea chakula. Sikufikiri naingia kwako. Nilifikiri naingia kwangu."

"Najua, Mzee."

"Na lile pazia. Nililifunga ili lisichafuke."

"Najua hilo pia. Sasa nikuambie pazia lilikuwa la nini."

Akamwambia. Habari za viganja vilivyovimba, rangi ya ukuta, vyuma kwenye pindo. Alimwambia jinsi Mama alivyotulia, jinsi alivyoimba, na jinsi anavyokwenda sasa moja kwa moja kwenye kitasa na hakuna kitambaa duniani cha kumdanganya.

"Ungenipa zile siku mbili," Fundi akasema, "ningempeleka kwa Kinyozi akachezee simu yake mbovu. Mngepima mpaka mchoke. Ningerudisha pazia kabla hajapanda ngazi. Asingejua. Ni hilo tu nililokuwa nataka."

Mzee Funguo akafanya jambo ambalo dalali alilizungumzia kwa dharau mtaani kwa muda mrefu. Aliitoa ile pete ya funguo kiunoni, akahangaika nayo, kucha zikamkatika, akauvuta ufunguo mmoja, akauweka mezani.

"Chukua," akasema.

"Hapana," Msuluhishi akakatiza. "Ukimpa, siku ya moto tutavunja mlango. Utabaki kwako. Lakini utalala kwenye bahasha, na mtasaini wote wawili pale inapofungwa. Ikichanika, ichanike kwa moto, maji au uhai wa mtu, na siku hiyohiyo uandike kwa nini."

Wakaandikiana: siku mbili kamili, siku ya kupokea haihesabiwi, sababu, saa, mpangaji awepo au mtu aliyemtaja. Na atakayenunua nyumba ananunua pamoja na maneno hayo. Safari hii Mzee alisaini polepole, kama mtu anayechonga.

Fundi alimpigia kaka yake akamsomea yote.

"Karatasi," kaka akasema.

"Ndiyo. Karatasi."

"Haya. Nitangoja."

*

Taarifa ya kwanza ya halali ilikuja chini ya mlango kwa mwandiko wa Mzee mwenyewe, herufi kubwa kama za mtoto. Fundi aliisoma, akaiweka, akakaa akashangaa jinsi kifua chake kilivyopata nafasi. Siku yenyewe Mama alikuwa kwa Kinyozi, simu mbovu sikioni, akiwaunganisha wateja wenye povu na watu waliokufa zamani. Mnunuzi alikuja, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akatazama, akashukuru, akaenda zake. Pazia likarudi.

Lakini mlango ulibaki kichwani mwa Mama. Hilo hakuna karatasi iliyoliponya. Fundi aliishia kufanya hila ya kusikitisha: kwenye ukuta wa upande wa pili, ukuta mtupu, alitundika kipande cha kitambaa kilekile, akakifunga fundo kubwa katikati, akaweka kiti mbele yake. Mama, ambaye siku ile mlango na fundo aliviona pamoja, akahamia huko. Akawa anaketi mbele ya ukuta na mkoba wake, akingoja wafungue ofisi. Hakuimba tena. Ila hakulia, na cherehani ikaanza kusikika barabarani.

Siku moja ya upepo, Fundi alikuwa paani tena na mashuka. Mlango ameufunga, Mama amelala.

Chini, Mzee Funguo alisikia kishindo juu ya kichwa chake. Kisha maji yanakwenda. Kisha sauti, si kubwa, ikiita namba moja ileile, mara kwa mara.

Alipanda ngazi kwa mgongo ule. Akabisha. "Hodi! Fundi, ni mimi wa chini!" Akabisha tena, akataja jina lake mwenyewe la kuzaliwa, ambalo hakuna mtu mtaani aliyelijua. Maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango. Bahasha ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Baadaye alisema kwamba mkono wake ulisimama pale, sahihi ya Fundi chini ya kidole gumba, na kwamba hajawahi kuogopa karatasi namna ile. Akaichana.

Alichofanya akishaingia ndicho Fundi alichokisimulia kwa watu mpaka uzeeni. Mzee hakukimbilia bafuni. Kwanza aligeuka, akafunga mlango nyuma yake, akalirudisha pazia, akalinyoosha pindo kwa kiganja mpaka likagusa sakafu. Ndipo akaenda.

Mama alikuwa sakafuni mwa bafu, nyonga imevunjika, koki inamwaga. Mzee akaifunga. Akaketi kwenye maji kando yake, kwa sababu hakuweza kumwinua na hakutaka kumwacha, akapiga ukuta kwa ngumi mpaka Kinyozi akasikia akakimbilia paani kumwita Fundi.

"Laini imekatika," Mama alimwambia.

"Ndiyo, Mama," Mzee akasema. "Wanaitengeneza."

Fundi aliwakuta hivyo. Alitazama nyuma yake, kwa mazoea, kuona kama mlango unaonekana. Haukuonekana.

Jioni, baada ya hospitali, chini ya mlango kulikuwa na karatasi. "Leo mchana nimeingia kwako bila taarifa. Sababu: maji, na uhai wa mtu. Nilibisha mara tatu. Bahasha nimeichana, vipande hivi hapa. Naomba tufunge nyingine."

Walifunga nyingine.

*

Nyonga ya Mama haikuunga vizuri, na hakutembea tena. Kaka alikuja na lori lake, akakaa kando ya kitanda kwa siku kadhaa, akaondoka peke yake. Nafasi ile ya nyumba ya wazee akapewa mwingine. Mama alifariki mvua zilipokaribia, mchana, chumbani kwake, binti yake akiwa kwenye cherehani. Mzee Funguo aliuza nyumba kwa yule aliyevua viatu, akahamia kwa binti yake, na pete ya funguo akamkabidhi mnunuzi pamoja na bahasha, ambayo haikuchanika tena. Mnunuzi alivunja ukuta wa bafu baada ya kutoa taarifa ya siku mbili. Dalali alihamia kwenye biashara ya viwanja. Msuluhishi alistaafu, na ofisi yake sasa ni sehemu ya ghala la magodoro. Kinyozi yuko palepale, simu mbovu bado iko rafuni. Fundi alikaa mpaka mkataba ulipokwisha, akalishusha pazia, akakata humo mashuka mawili, akahamia chumba chenye mlango mmoja unaotazama barabara.